Mistari miwili, kisha mmoja: kisa cha kipimo cha choo kilichorudiwa

Mgonjwa tunayemweleza hapa ni wa mfano. Tumemuunda ili makosa yanayojirudia sana baada ya kipimo cha damu iliyofichika kwenye choo yaonekane kwa mtu mmoja, hatua kwa hatua, na ijulikane kila kosa lilitokana na nini.

Ni fundi cherehani wa Mombasa, umri miaka 57. Miaka mitatu nyuma alipata mshtuko wa moyo, na tangu hapo anameza dawa za presha pamoja na aspirini miligramu 75 kila siku. Ana bawasiri ya zamani ambayo humwasha mara mojamoja. Hajapungua uzito, choo chake hakijabadilika, hajawahi kuona damu, na kiwango cha damu mwilini ni cha kawaida, hemoglobini 13.8. Hakuna ndugu yake anayejulikana kuwa na saratani ya utumbo. Katika kambi ya afya mtaani kwao alipewa kichupa chenye kijiti ndani, akaambiwa arudi nacho kikiwa na choo.

Kupewa kipimo hicho kulikuwa sahihi. Kipimo cha choo kimetengenezwa kwa ajili ya mtu kama huyu hasa: umri umefika, hana dalili, hana historia ya ugonjwa huu katika familia. Marekani huanza miaka 45 na kuendelea hadi 75, kipimo kikirudiwa kila mwaka. Uingereza huwatumia watu wa miaka 50 hadi 74 kichupa nyumbani kwa posta kila baada ya miaka miwili. Kinachobaki vilevile kila mahali ni lile sharti la kutokuwa na dalili. Anayeona damu chooni, mwanamume aliyepungukiwa damu kwa kukosa madini ya chuma, au mtu ambaye choo chake kimebadilika kwa wiki kadhaa na uzito unashuka, huyo ni mgonjwa anayetafutiwa sababu. Akipimwa choo na jibu likaja hasi, asirudishwe nyumbani kwa jibu hilo peke yake, kwa sababu dalili yenyewe bado haijaelezwa. Na anayeharisha damu leo, pengine kwa amiba au kichocho cha tumbo, atibiwe kwanza. Kumpima saratani kwa choo cha siku hiyo hakuna maana, maana damu inajulikana ipo.

Kichupa chake kilikuwa cha FIT. Kipimo hiki hutumia kingamwili zinazoitambua globini ya binadamu, yaani ile sehemu ya protini ya hemoglobini. Kwa hiyo nyama aliyokula jana haikisumbui, wala hakuna haja ya kufunga chochote. Tena globini inayotoka tumboni au kwenye utumbo mwembamba humeng'enywa njiani kabla haijafika chini, na hivyo damu ya vidonda vya tumbo kwa kawaida haikiamshi. FIT ikisema kuna damu, tunaanza kwa kuufikiria utumbo mpana. Kadi za zamani za gwayaki hazikuwa hivyo. Zile huwekewa matone ya hidrojeni peroksidi na kugeuka buluu, na buluu hiyo inaweza kuletwa na nyama nyekundu au mboga fulani mbichi, ilhali vitamini C kwa wingi huweza kuificha. Ndiyo sababu mtu aliagizwa kubadili chakula siku kadhaa na kupaka choo cha haja tatu tofauti. Kadi hizo bado zipo katika maabara nyingi, kwa hiyo anayeletewa jibu la "damu iliyofichika" ana haki ya kuuliza limetoka kwenye kipimo kipi.

Mara ya kwanza mzee wetu alifanya vizuri. Choo cha kwao ni cha kuchuchumaa, na hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu choo kikishaangukia kwenye maji na dawa ya kusafishia, hakifai tena. Alikwenda haja ndogo kwanza ili mkojo usichanganyike. Kisha akatandaza gazeti juu ya mfuko safi wa plastiki na kujisaidia hapo. Alikwaruza choo kwa kile kijiti sehemu tano au sita tofauti, juu na pembeni, mpaka vijifereji vya ncha ya kijiti vikajaa. Vikijaa inatosha. Kiasi kinachotakiwa ni kidogo sana, kwenye baadhi ya vichupa ni miligramu 10 tu, na kichupa kina maji maalumu yaliyopimwa kwa kiasi hicho. Anayechota kama anachota ugali huharibu hesabu: maji huwa mazito, hayapiti vizuri kwenye ukanda, na damu ikizidi mno mstari unaweza kufifia badala ya kukolea. Alikirudisha kijiti, akafunga mpaka kikalia, akaandika jina na tarehe, na asubuhi hiyohiyo akakipeleka.

Mhudumu alitikisa kichupa, akadondosha matone kwenye ukanda, akasubiri dakika tano. Mstari wa C, unaoonyesha kwamba ukanda unafanya kazi, ulitokea. Wa T, unaotokea damu ikiwepo, ukatokea pia. Jibu lilikuwa chanya.

"Ni bawasiri hiyo, mzee wangu," akaambiwa. Akapewa dawa ya kuweka njia ya haja, metronidazoli ya siku saba, na agizo la kuacha aspirini. Baada ya wiki tatu arudie kipimo.

Katika sentensi hiyo moja na maagizo yaliyoifuata kuna makosa kadhaa. Tuanze na bawasiri, maana ndiyo inayowapotosha wengi, wagonjwa na wahudumu. Watu wengi wa umri huu wanayo. Kwa hiyo ukichukua watu wenye saratani ya utumbo mpana, wengi wao nao watakuwa na bawasiri. Kuiona bawasiri hakukuambii kilichomo sentimita 30 juu yake. Bawasiri isiyotoa damu ya kuonekana, kama ya mzee huyu, si maelezo ya kutosha ya FIT chanya. Hata ile inayotoa damu haimwondolei mtu wa miaka 57 haja ya kuangaliwa ndani. Nayo metronidazoli haikuwa na kazi hapa, kwani hakuharisha wala hakupimwa amiba.

Agizo la kuacha aspirini lilikuwa la hatari. Mtu aliyewahi kupata mshtuko wa moyo analindwa na kidonge hicho, na kukikatisha kwa ajili ya kipimo cha choo ni kumweka katika hatari ya kweli ili kukwepa hatari ya kudhaniwa. FIT haihitaji kuacha aspirini wala dawa za kuzuia damu kuganda. Kama aspirini imekifanya kidonda au polipi, yaani kinyama kilichoota ndani ya utumbo, kitoe damu kidogo zaidi, basi imetusaidia kukigundua. Utumbo mzima, wenye afya, haumwagi damu kwa sababu tu ya aspirini ya miligramu 75.

Sasa kosa kubwa: kurudia. FIT ikiwa chanya, hatua inayofuata ni kolonoskopi, yaani kuingiza kamera kupitia njia ya haja na kuuangalia utumbo mpana wote. Hatua inayofuata si FIT nyingine. Wengi hulipokea agizo la kurudia kama uangalifu, kama vile fundi anavyopima kitambaa mara mbili kabla ya kukata. Lakini kitambaa hakibadiliki urefu kati ya vipimo viwili. Damu ya polipi hubadilika. Polipi hutoa damu leo, ikatulia siku nne, ikatoa tena, na hata siku inayotoa, damu hukaa upande mmoja wa choo na kukosekana upande wa pili. Kipimo cha pili kikiwa hasi kinasema tu kwamba kwenye kipande kile, siku ile, damu haikutosha kufikia kiwango. Hakifuti cha kwanza. Ndiyo maana agizo la kurudia halina faida yoyote: likija chanya, kolonoskopi inahitajika, likija hasi, kolonoskopi bado inahitajika.

Na kipimo cha pili cha mzee wetu kilikuwa na lake. Alichukua choo Ijumaa jioni, kliniki ikawa imefungwa, akakiweka kichupa kwenye droo ya gari la mwanawe hadi Jumatatu. Gari lililoegeshwa juani Mombasa hupata joto kali kuliko hewa ya nje. Hemoglobini huvunjika kwenye joto, na kingamwili za FIT haziitambui ikishavunjika. Jambo hili limepimwa hata katika nchi zenye baridi: kule Florensi, Italia, ilionekana kwamba FIT hutoa majibu chanya machache wakati wa kiangazi kuliko majira mengine, ingawa watu ni walewale. Kwetu pwani kiangazi hicho hakiishi. Kichupa kipelekwe siku hiyohiyo. Ikishindikana, kifungwe vizuri ndani ya mifuko miwili, kiwekwe kwenye friji bila kugandishwa, na kifikishwe ndani ya siku zilizoandikwa kwenye maelezo yake. Kilicholala garini kitupwe, kichukuliwe kingine.

Jumatatu ulitokea mstari mmoja tu. "Alhamdulillahi, umepona," akaambiwa. Faili likafungwa.

Miezi mitano baadaye alikwenda kliniki ya presha kama kawaida. Daktari alipouliza kwa nini aspirini haimo kwenye orodha ya dawa, mzee akatoa karatasi zote mbili mfukoni. Daktari aliisoma ile ya kwanza, akaiweka ya pili pembeni, akamrudishia aspirini na kumwandikia kolonoskopi.

"Kwani nina saratani?" aliuliza mzee.

Swali hili linastahili jibu la hesabu, kwa sababu hofu ndiyo inayowafanya wengi wasirudi. Tuseme watu 1,000 wa umri wake wasio na dalili wamepimwa FIT, na 5 kati yao wana saratani bila kujua. FIT ya mara moja huwanasa takriban wanne kati ya watano. Kwa watu 995 waliobaki, karibu 6 katika kila 100 watapata jibu chanya bila ya kuwa na saratani, yaani watu kama 60. Jumla ya chanya ni 64, na wenye saratani ni 4. Mtu mmoja kati ya 16. Kwa hiyo jibu la daktari lilikuwa: pengine huna, lakini uwezekano ni mkubwa mno kuupuuza. Katika wale 60 wengine, si wote waliotishwa bure. Sehemu kubwa yao watakutwa na polipi, na polipi kubwa ndiyo inayogeuka saratani kwa miaka mingi ikiachwa. Kuikata ni kuizuia saratani isianze.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha udhaifu wa kipimo. Mmoja kati ya watano wenye saratani amepata jibu hasi. Kwa polipi kubwa hali ni mbaya zaidi: katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014, FIT moja iliwanasa karibu robo tu ya wenye vidonda vikubwa ambavyo havijawa saratani. Nguvu ya FIT iko kwenye kurudiwa kila mwaka na wale wanaopata hasi. Kurudia huko ndiko kulikotakiwa. Kipimo cha zamani cha gwayaki, kilicho dhaifu zaidi, kilipofanywa kila mwaka huko Minnesota kilipunguza vifo vya saratani hii kwa takriban theluthi moja, matokeo yaliyotangazwa mwaka 1993. Tofauti na kosa la mzee wetu ni ndogo kwa maneno, kubwa kwa maana: aliye hasi hurudia mwakani, aliye chanya harudii.

Karatasi nyingi za maabara huandika tu "chanya" au "hasi", bila kusema ukanda umewekwa kiwango gani. Marekani kiwango cha kawaida ni mikrogramu 20 za hemoglobini kwa gramu ya choo. Uingereza ilipoanza kutumia FIT katika mpango wake mwaka 2019 ilichukua 120, kwa sababu kiwango cha chini huleta watu wengi kuliko kamera zilizopo. Kanda za haraka zinazouzwa huku nyingi huwekwa chini zaidi. Ukanda mkali hivyo hunasa zaidi na pia hutisha zaidi. Namba ikiwepo kwenye jibu, iandikwe, kwa maana kadiri inavyopanda ndivyo uwezekano wa kukuta kitu unavyoongezeka, na foleni ya kamera ikiwa ndefu mwenye 300 atangulie kabla ya mwenye 22.

Kuhusu kuchelewa, mzee alikuwa bado hajapoteza kila kitu. Uchunguzi mkubwa wa California uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba waliofanyiwa kolonoskopi ndani ya miezi tisa baada ya FIT chanya hawakukutwa na saratani nyingi zaidi kuliko waliowahi, ila baada ya miezi kumi hatari ilianza kupanda. Hii si ruhusa ya kusubiri miezi tisa. Lengo liwe wiki chache. Lakini aliyechelewa asikate tamaa akadhani hakuna maana tena.

Kamera nayo ina masharti, na sharti kubwa ni utumbo uwe mtupu. Siku chache kabla, aliacha mbegu, kunde, matunda yenye kokwa ndogo na mboga za majani. Kama angekuwa anameza vidonge vya madini ya chuma, angeviacha wiki moja kabla, kwa vile huupaka utumbo weusi. Siku moja kabla ilikuwa vinywaji vya kuona upande wa pili tu: chai ya rangi bila maziwa, supu iliyochujwa, maji, juisi ya tofaa iliyochujwa. Hakuna chekundu wala zambarau, maana rangi hizo hufanana na damu kwenye kamera. Dawa ya kusafisha ilikuwa lita nne: lita mbili jioni, mbili alfajiri, zikaisha zaidi ya saa mbili kabla ya kuanza. Kugawa hivyo ni bora kuliko kunywa zote jioni, kwani usiku mmoja unatosha kwa majimaji ya utumbo mwembamba kushuka na kuufunika tena upande wa kulia. Alijua amesafika pale kilichotoka kilipofanana na mkojo, cha njano na kisicho na tope. Kama bado kingekuwa na tope la kahawia, ilibidi apige simu kabla ya kwenda. Aspirini aliimeza asubuhi ileile kama kawaida. Wanaotumia dawa nzito zaidi za kuzuia damu kuganda, na wenye sukari, hupewa mpango wao na daktari, wasijiamulie.

Kamera fupi inayoishia upande wa kushoto haitoshi kwa mtu mwenye FIT chanya, na jambo hili huulizwa mara chache. Ripoti iseme wazi kwamba kamera ilifika mwanzo wa utumbo mpana, pale penye tundu la kidole tumbo, na kwamba utumbo ulikuwa safi. Yake ilisema hivyo. Ilisema pia kwamba kwenye njia ya haja palikuwa na bawasiri ndogo zisizotoa damu, na kwamba upande wa kushoto, chini, palikuwa na polipi yenye shina kama uyoga, upana milimita 22, juu yake pamechubuka. Ilikatwa papo hapo kwa kitanzi cha waya chenye umeme, shina likabanwa kwa klipu. Nyingine mbili za milimita 4 zilikatwa kwa kitanzi cha kawaida. Alielezwa kwamba damu inaweza kutoka hadi wiki mbili baada ya kukatwa polipi kubwa, kwa hiyo asisafiri mbali na hospitali, na kwamba maumivu makali ya tumbo au homa ni sababu ya kurudi usiku huohuo. Kutoboka utumbo ni nadra, lakini hakusubiri asubuhi.

Jibu la patholojia, yaani uchunguzi wa polipi zilizokatwa, lilirudi baada ya siku kumi: ile kubwa ni adenoma, aina ya polipi inayoweza kugeuka saratani, seli zake zimebadilika kwa kiwango cha juu, hazijavamia shina, kingo za mkato safi. Haikuwa saratani bado. Kamera nyingine baada ya miaka mitatu, na katikati hapo hakuna FIT, kwani yeye sasa amehama kutoka kundi la wanaochujwa kwa kipimo cha choo na kuingia kundi la wanaofuatiliwa kwa kamera. Kama kamera isingekuta kitu na utumbo ulikuwa safi, angeambiwa apumzike na vipimo vya choo kwa miaka kumi, na hapangekuwa na sababu ya kumwingiza kamera ya tumbo la juu maadamu damu yake haijapungua na hana malalamiko.

Lilibaki suala la familia. Mdogo wake wa miaka 46 alikuja kliniki wiki iliyofuata kuomba kichupa, akijua kaka yake kilimsaidia. Hakupewa. Mtu ambaye ndugu yake wa tumbo moja, mzazi au mtoto amekutwa na saratani ya utumbo mpana, au polipi ya hatari kama hii, kabla ya miaka 60, huanza moja kwa moja na kolonoskopi akifika miaka 40, au miaka kumi kabla ya umri ambao ndugu yake aligunduliwa, lolote litakalotangulia, na kurudia kila miaka mitano. Miaka 57 ukitoa kumi ni 47, kwa hiyo 40 ndiyo iliyotangulia. Yeye alikuwa ameshaipita kwa miaka sita. Akaandikiwa tarehe ya kamera, na kwenye faili la mwana wa mzee wetu, kijana wa miaka 31 mwenye lile gari, pakaandikwa mwaka atakaotimiza 40.